Hesabu yangu ya boda inasema wiki 58, mwenye mkopo anasema 78. Nani anakosea?

Boxa_wa_Kondele

Wadau, salamu. Mimi ni wa boda, steji yangu iko Kondele, Kisumu. Wiki 11 zilizopita nilichukua Boxer 150 kwa mkopo. Bei ya taslimu dukani ilikuwa 170,000. Nilitoa dipoziti ya 25,000, na iliyobaki nalipa 430 kwa siku, wiki 78. Kwenye mkataba wameandika jumla ya hizo 430 zote ni 234,780.

Binamu yangu alinifungulia Google Sheets kwenye simu, kila jioni nikifika nyumbani naandika. Wiki iliyopita ilikuwa hivi:

```
Siku    Mapato  Mafuta  Fundi  Mkopo  Faida
Jtatu   1350    300     0      430    620
Jnne    1200    300     150    430    320
Jtano   1300    300     0      430    570
Alh     1500    300     0      430    770
Ijumaa  1650    400     0      430    820
Jmosi   1700    300     0      430    970
Jumla   8700    1900    150    2580   4070
```

Jumapili ni kanisa, sifanyi kazi. Hiyo 150 ni pancha.

Sasa, nilichukua deni lote nikaligawanya kwa faida ya wiki:

```
=234780/4070
```

Ikanipa 57.7, nikasema basi, wiki 58 nimemaliza, mkataba wao wa 78 ni wa kutisha watu tu. Halafu juzi wakanizimia pikipiki nikiwa Mamboleo na abiria mgongoni. Nikapiga simu, naambiwa nina malimbikizo ya 4,730. Malimbikizo kutoka wapi, na hakuna siku niliyofanya kazi nikakosa kutuma 430? Ujumbe wote wa M-Pesa ninao.

Jambo la pili, hiyo faida ya 4,070 kwa wiki mimi siioni. Mke wangu naye haioni. Sinywi, sibeti. Inaenda wapi?

Jembe_Nakuru

Omera, kosa lako ni moja. Hiyo 430 si gharama. Unanunua pikipiki, ni mali yako. Itoe kabisa kwenye hesabu. Faida yako ya kweli ni 6,650 kwa wiki. Mimi hapa Nakuru nilimaliza mkopo wangu mwaka jana na sikuwahi kuuandika kama gharama hata siku moja.

MamaWawili

Hawa watu wa mikopo ni wezi, kaka, usilipe hata hiyo 4,730. Mume wangu anaendesha pikipiki ya mtu, anampelekea mwenyewe 350 kwa siku, na hakuna mtu wa kumzimia barabarani. Alikuwa anataka kuchukua ya mkopo, nimemwonyesha uzi huu ameacha. Au niliharakisha? Nani anajua ipi ina nafuu?

Daftari_la_Chama

Boxa, mimi naandikia chama kimoja cha boda hapa Kibuye vitabu vyao, kwa hivyo kosa hili nimeliona mara nyingi. Mama, lako nitalirudia, lakini kaka hakuuliza kama alipe au asilipe. Ameuliza namba zake zinatofautiana kwa nini.

Tuanze na wiki. Ulipogawanya deni kwa faida, ulikuwa unasema kwamba faida yote ya wiki inaenda kwa mkopo. Lakini hiyo faida ni pesa iliyobaki BAADA ya kulipa mkopo. Mkopo umeshautoa kwenye safu ya tano, halafu unauliza mabaki yatalilipa deni kwa muda gani. Hayo mabaki hayalipi deni, yanalipa unga na karo. Deni linapungua kwa ile pesa unayotuma tu.

Gawanya deni kwa pesa unayotuma. Wiki yako ina 430 mara sita, yaani 2,580. Ukigawanya 234,780 kwa 2,580 inatoka 91 kamili. Kwa mwendo unaoenda hutamaliza wiki ya 58 wala ya 78. Utamaliza ya 91.

Na hapo ndipo 4,730 ilipojificha. Mkataba unasema 430 kwa siku kwa wiki 78, na 234,780 ukiigawanya kwa 430 unapata siku 546. Hizo ni wiki 78 za siku SABA. Wao wanahesabu Jumapili, wewe huhesabu. Jumapili 11 mara 430 ni 4,730 kamili. Hawakukuibia, na wewe hukudanganya. Mlikuwa na kalenda mbili.

Boxa_wa_Kondele

Nimekaa chini. Yaani kila Jumapili nikiwa kanisani deni linazaa?

Lakini kuna kitu. Nilijaribu fomula ya wiki niliyoona mahali, ya kugawanya kwa idadi ya siku, ikaniletea #DIV/0!. Na jumla ya mapato ya mwezi iko chini kuliko daftari la mkono, tofauti ni kama Jumamosi nne.

Daftari_la_Chama

Hiyo #DIV/0! ni kwa sababu umeandika siku kwa maneno, "Jtatu", "Alh". COUNT inahesabu namba na tarehe peke yake, kwa hivyo imekuta sifuri. Andika tarehe kamili.

Na hebu fungua hizo Jumamosi nne uniambie, mapato umeandika vipi?

Boxa_wa_Kondele

Nimeangalia. Jumamosi naandika nikiwa nimechoka, nimeweka 1,700/= vile tunaandika kwa risiti.

Daftari_la_Chama

Ndiyo hiyo. Ukiweka "/=" au "Ksh", simu inaona maneno, haioni namba, na SUM inayaruka bila kukwambia kitu. Utaijua kwa jicho: namba halisi inalala upande wa kulia wa kisanduku, maneno yanalala kushoto. Pitisha kidole kwenye safu yote, yoyote iliyolala kushoto iandike upya.

Sasa tuende kwa faida isiyoonekana. Kwanza niambie kilomita ngapi kwa siku.

Boxa_wa_Kondele

Mita ilikatika kebo wiki ya nne. Nakisia 80 kwa siku, na Jumapili tuseme 30 za kanisa na kwa mama mkwe.

Fundi_Mamboleo

Kisia hiyo inaenda sawa na mafuta yako. Petroli ya 1,900 kwa 180 kila lita ni lita kumi na nusu. Boxer nzima mjini na abiria inakupa 45 kwa lita, hivi. Kwa hivyo 480 za siku sita iko karibu. Lakini funga kebo ya mita, bei yake haizidi ya chakula cha mchana cha watu wawili. Bila mita huwezi kujua injini inakunywa au mtu wa kituo anakupunja. Wiki moja jaza tangi mpaka juu kwenye pampu ileile, andika mita, wiki inayofuata jaza tena mpaka juu. Kilomita ulizokwenda zigawanye kwa lita ulizoongeza. Ikishuka kutoka 45 hadi 38, leta nione kabureta na kichujio cha hewa kabla hujalaumu mtu.

Sasa kwa safu yako ya "Fundi". Umeandika 150, pancha. Pikipiki ina wiki 11, kila kitu bado ni kipya, kwa hivyo unaona spea ni bure. Si bure, unazitumia kila siku na bili inakuja baadaye. Chukua tairi la nyuma. Mimi nauza 3,000, na kwa barabara zetu hizi na watu wawili nyuma litakwenda kilomita 12,000. Kila ukifika 1,000 umekula 250 ya tairi hata kama hujanilipa kitu. Cheni na sproketi zake ni 2,400, nazo ni kilomita 12,000 kama unapaka mafuta, na nyie hampaki. Oili ni 700 kila 2,000. Ukiongeza breki, tiubu, klachi, bearingi za magurudumu, kebo, balbu na jasho langu, mimi huwaambia watu waweke shilingi 2 kwa kila kilomita. Wiki moja haitatosha, wiki nyingine itabaki, lakini kwa mwaka inakaribia.

Jembe_Nakuru

Shilingi 2 ni nyingi. Mimi natengeneza ikiharibika.

Fundi_Mamboleo

Ndiyo maana wa kwenu huja kwangu na cheni imekula sproketi mpaka meno yamekuwa kama ya samaki, mfukoni ana 400, anaomba nimuungie. Siku tatu pikipiki imelala gereji. Na 430 inaendelea.

Daftari_la_Chama

Fundi amenisaidia. Boxa, kilomita 510 kwa wiki mara 2 ni 1,020. Wewe umeandika 150. Hapo 870 imepotea. Jumapili ya mkopo, 430. Mchango wa steji hujauandika, na najua Kondele hamkai bure.

Boxa_wa_Kondele

50 kwa siku. Na chakula mchana natumia kama mia.

Daftari_la_Chama

Basi 300 ya steji na 600 ya chakula. Ongeza zote: 870 na 430 na 300 na 600 ni 2,200. Toa kwa 4,070, unabaki na 1,870. Hiyo ndiyo mke wako anaiona. Ni kama 310 kwa kila siku ya kazi.

Jembe_Nakuru

Chakula si gharama ya boda. Hata angekaa nyumbani angekula.

Daftari_la_Chama

Nyumbani angekula sufuria ya watu watano, hapa ananunua sahani yake. Lakini sitabishana sana, wengine kwenye chama changu huandika nusu. Muhimu achague moja asibadilishe katikati.

Ila Jembe, kwa lile la kwanza ulikuwa na nusu ya ukweli, na sitaki tulipite. Kweli 3,010 ya wiki, yaani 430 mara saba, si gharama yote. Sehemu inanunua pikipiki. Lakini sehemu ni bei ya kukopeshwa, na hiyo hairudi. Boxa atakuwa ametoa 25,000 na 234,780, jumla 259,780, kwa pikipiki ya 170,000. Tofauti ni 89,780. Ukiigawanya sawasawa kwa wiki 78 ni 1,150 hivi kila wiki. Hiyo ni gharama kama petroli. Inayobaki, kama 1,860, ndiyo inanunua chuma.

Na chuma chenyewe kinachakaa. Fundi, Boxer ya mwaka mmoja na nusu, kilomita 40,000, inauzwa ngapi hapa?

Fundi_Mamboleo

80,000, kama fremu haijachomelewa na logibuku iko kwa jina lake. Jina likiwa bado limeunganishwa na la mkopeshaji, hakuna mtu atakupa hiyo.

Jembe_Nakuru

80 ni bei ya rafiki. Nakuru utaambiwa 65.

Daftari_la_Chama

Tutumie 80, na Jembe abaki na 65 yake. Kutoka 170 hadi 80 imepoteza 90,000, ambayo ni 1,150 nyingine kwa wiki. Kwa hivyo kila wiki Boxa ananunua chuma cha 1,860 na chuma kinaliwa na barabara 1,150. Anayoiweka kweli ni kama 700.

Ndiyo maana nasema ana namba mbili, na zote ni za kweli. Mfukoni zinabaki 1,870. Faida ni kama 2,570, kwa sababu 700 imo ndani ya pikipiki na hawezi kununua unga nayo mpaka auze. Ile 6,650 ya Jembe haipo popote. Na bei ikiwa 65, hata ile 700 inashuka hadi 500 hivi.

MamaWawili

Na langu?

Daftari_la_Chama

Mama, tuseme mumeo anaingiza sawa na Boxa, 8,700. Anatoa mafuta 1,900, steji 300, chakula 600, pancha 150, na 350 mara sita kwa mwenye pikipiki, 2,100. Anabaki na 3,650 mkononi. Hiyo ni zaidi ya Boxa, mradi mwenyewe ndiye anayelipa tairi, cheni na oili. Je, ndiye?

MamaWawili

Oili analipa mume wangu. Na tairi la mwisho walikatana nusu kwa nusu baada ya kugombana.

Daftari_la_Chama

Basi toa oili, kama 180 kwa wiki, na sehemu ya tairi. Bado yuko karibu 3,400. Wiki hizi 78 anamshinda Boxa kwa pesa ya mkononi. Baada ya hapo Boxa hana tena 3,010, anabaki na 4,880 na pikipiki, mumeo bado anapeleka 350. Lakini pia Boxa atakuwa na pikipiki ya kilomita 40,000, na hapo sina uhakika kama shilingi 2 za Fundi zitatosha.

Fundi_Mamboleo

Hazitatosha. Ikipita 40,000 weka 3. Pistoni na ringi zikianza, utaona moshi wa samawati asubuhi na oili inapungua bila kuvuja.

Boxa_wa_Kondele

Nimeelewa, ingawa inauma. Sasa nifanye nini na hiyo 4,730? Na jedwali nilibadilishe vipi?

Daftari_la_Chama

Jedwali kwanza. Mstari mmoja kwa kila siku ya kalenda, Jumapili imo hata kama mapato ni sifuri. Mvua ikikulaza, andika sifuri. Siku ya gereji, andika sifuri. Mstari usiruke.

```
A Tarehe | B Km | C Mapato | D Mafuta | E Steji
F Chakula | G Mkopo niliotuma | H Spea nilizonunua
I Akiba ya spea | J Mfukoni

I2:  =B2*2
J2:  =C2-D2-E2-F2-I2-430
```

Angalia J inatoa 430 kila siku, uwe umetuma au hujatuma, kwa sababu unadaiwa kila siku. Ulichotuma kweli kiko G. Na spea unazonunua kwenye H hazitolewi kwenye J, zinatolewa kwenye mfuko wa akiba, la sivyo utazihesabu mara mbili. Huo mfuko uweke mahali huwezi kuugusa kwa urahisi. Pembeni weka hizi tatu:

```
Mfuko wa spea:  =SUM(I2:I)-SUM(H2:H)
Malimbikizo:    =430*COUNT(A2:A)-SUM(G2:G)
Wiki zilizobaki:
=ROUNDUP((234780-SUM(G2:G))/(SUM(G2:G)*7/COUNT(A2:A)),0)
```

Ukijaza siku zako 77 zilizopita, itakuambia malimbikizo 4,730 na wiki 80 zilizobaki, si 67 za mkataba. Hiyo 80 inaangalia unavyolipa, haiangalii unavyoahidi.

Kwa deni, 3,010 ukiigawanya kwa siku sita za kazi ni 502. Ukituma 600 kila siku ya kazi kwa wiki 8, unalipa Jumapili zote na malimbikizo yanaisha, yanabaki shilingi 10. Mfukoni utabaki na 1,280 kwa wiki kwa hizo wiki 8. Ni kavu. Baadaye unarudi kwa 502. Lakini kabla ya hapo waulize mambo mawili na wajibu kwa maandishi: kuna faini juu ya malimbikizo? Na ukimaliza mapema wanapunguza kitu, au 234,780 iko palepale? Kama iko palepale, kuharakisha kunakupunguzia wiki tu, hakukuokolei hata shilingi, na ni afadhali ziada uiweke kwa spea.

Jembe_Nakuru

Wangu walinipunguzia nilipomaliza miezi miwili mapema.

Daftari_la_Chama

Wako. Mkataba wake hatujausoma.

Boxa_wa_Kondele

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilifunga kebo, kilomita si 80 kwa siku, ni 94. Yaani akiba ya spea niliyokuwa naweka ilikuwa ndogo, na Boxer inakunywa kidogo kuliko nilivyodhani. Nimetuma 600 siku kumi na moja kati ya kumi na mbili, siku moja mvua ilinishika Nyamasaria nikapata 500 tu yote. Bei ya petroli nayo EPRA wakitangaza tarehe 14 nitabadilisha.

Kuhusu faini wamesema kwa simu hakuna. Kwa maandishi hawajajibu. Mkataba una mstari unaosema "gharama za ufuatiliaji" bila kiasi. Kuna mtu amewahi kukatwa hiyo?

MamaWawili

Mimi nimemwambia mume wangu aandike kilomita. Ameniuliza nani amenituma.

Fundi_Mamboleo

Boxa, 94 mara sita halafu na za Jumapili, unakaribia 600 kwa wiki. Oili yako ya mwisho ilikuwa lini?